Dumu moja, wanywaji wanne: uchambuzi wa kisa cha sumu ya methanoli

Dumu lilikuwa la plastiki, jeupe, la lita 5, halina lebo. Lilinunuliwa Jumamosi mchana kwa mtu wa kati ambaye si yeye aliyeipika pombe hiyo, na alipoulizwa imetoka wapi alijibu tu kwamba ni ya mzee mmoja anayepika vizuri. Saa 2 usiku watu wanne walikaa kuinywa kwa glasi ndogo, toti ya mililita 50. Saa 4 usiku walikuwa wamemaliza.

Tuwaite A, B, C na D. A, mwanamume wa kilo 70, alikunywa toti sita. B, mwanamume wa kilo 75, alitangulia na chupa nne za bia za nusu lita, kisha akaongeza toti nne. C, mwanamke wa kilo 60, alikunywa toti mbili. D alionja nusu toti, hakuipenda, akaiacha. Watu hawa ni wa mfano, lakini kiasi walichokunywa, saa walizoanza kuugua na majibu ya vipimo vyao vimepangwa kufuata namna sumu hii inavyofanya kazi mwilini. Tutawafuata wote wanne, kwa sababu tofauti zao ndizo zinazofundisha. Dumu ni moja, usiku ni mmoja, lakini hakuna wawili walioumwa kwa namna moja, na aliyeonekana mzima kuliko wengine asubuhi hakuwa salama.

Usiku ule hapakutokea kitu cha kutisha. Walichoona ni kwamba pombe inachoma koo kama pombe kali ya kweli, ila inalevya kidogo kuliko walivyotarajia. A alitania kwamba imetiwa maji. Ule utani ulikuwa dalili ya kwanza, na tutaurudia.

Asubuhi ya Jumapili

C ndiye aliyeamka wa kwanza kuumwa, saa 2 asubuhi. Kichwa kilimgonga, tumbo lilimchafuka, na mwanga wa dirishani ulimuumiza macho. Alishangaa, maana toti mbili si kiasi cha kumpa hangova. Akalala tena.

A aliamka saa 4 akiwa na maumivu makali ya kichwa na ya tumbo, akatapika. Alifanya wanachofanya wanywaji wengi: akamimina toti moja ya kuzimua kutoka dumu lilelile. Alipata nafuu kidogo kwa muda mfupi. Kufika saa 6 mchana alikuwa anahema kwa kasi na kwa kina, kama mtu aliyetoka kukimbia, ingawa alikuwa amelala kitandani. Ndipo aliposema maneno yaliyomshtua kila aliyekuwepo: mbona chumba kimejaa ukungu? Alieleza kwamba anaona weupe na chenga, kama runinga isiyoshika mawimbi.

B alijisikia mzito tu. D hakuwa na lolote.

Saa 7 mchana A na C walifikishwa hospitali. Muuguzi wa mapokezi aliuliza swali lililobadilisha mwendo wa kisa chote: nani mwingine alikunywa kutoka chombo hicho? B na D wakapigiwa simu waje hata kama wanajisikia wazima, na waje na dumu.

Kilichokuwemo ndani

Dumu lilipopimwa maabara lilionekana lina takriban asilimia 20 ya methanoli na asilimia 15 ya ethanoli, sehemu iliyobaki ikiwa maji. Ethanoli ndiyo kilevi cha kawaida, kile kilichomo katika bia na divai. Methanoli ni ndugu yake wa viwandani, inayotumika kuyeyushia rangi na vanishi, kama kiyeyushi cha maabara, na katika maji ya kusafishia vioo vya magari. Zote mbili ni angavu, zote zinachoma ulimi, zote zinawaka moto. Ila methanoli huleta ulevi hafifu zaidi, na ndiyo maana pombe ile ilichoma sana ikalevya kidogo.

Kwa mchanganyiko ule kila toti ilibeba mililita 10 za methanoli, yaani karibu gramu 8. Imewahi kuripotiwa kwamba mililita 10 za methanoli tupu zimempofusha mtu na mililita 30 zimeua, ingawa wapo waliokunywa zaidi wakapona kwa kuwahi matibabu. A alikuwa amekunywa mililita 60 usiku, kisha 10 nyingine asubuhi akidhani anajitibu.

Hapa ndipo hesabu inapomwondolea lawama yule mzee mpishi, kama kweli yupo. Watu wengi wanaamini methanoli inatokana na upishi mbaya, kwamba aliyekeneka, yaani aliyechemsha pombe na kukusanya mvuke wake, alishindwa kumwaga matone ya mwanzo. Imani hiyo ina punje ya ukweli na gunia la kosa. Ni kweli kwamba uchachushaji hutoa methanoli kidogo, hasa ya matunda, kwa sababu maganda na nyama ya tunda zina pektini ambayo ikivunjika huiachia. Lakini ni kidogo mno. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu pombe kali nyingi za matunda kuwa na methanoli hadi gramu 10 kwa kila lita ya kilevi halisi. Kwa kinywaji chenye nguvu ya asilimia 40, hiyo ni gramu 4 kwa lita, au gramu 0.2 katika toti moja. Toti za kisa chetu zilikuwa na gramu 8, mara arobaini ya kikomo hicho.

Hakuna pipa la matunda linaloweza kuchachuka likatoa methanoli nyingi kuliko ethanoli. Na kumwaga matone ya mwanzo hakuiondoi methanoli yote hata ile kidogo, kwa sababu haitoki peke yake mwanzoni halafu ikakoma. Huchanganyika na maji na ethanoli, ikaendelea kudondoka mpaka mwisho. Kinachopungua kwa kumwaga mwanzo ni vitu vingine, kama vile vinavyonukia gundi na rangi ya kucha.

Kwa hiyo methanoli ya dumu lile iliongezwa na mtu. Katika milipuko mikubwa ya sumu hii njia huwa ileile: mtu wa kati hupata pipa la kemikali ya kiwandani, huenda limeandikwa "spiriti" tu, akaona ni njia rahisi ya kuongeza ukali na ujazo. Mara nyingine hajui kwamba spiriti ziko za aina mbili, mara nyingine anajua. Huko Jamhuri ya Cheki mwaka 2012 methanoli ya viwandani ilichanganywa na ethanoli ikauzwa katika chupa zenye lebo bandia. Vifo vilipozidi, mwezi Septemba serikali ilipiga marufuku kwa muda uuzaji wa vinywaji vyote vyenye kilevi cha zaidi ya asilimia 20 nchi nzima. Huko Irkutsk, Urusi, Desemba 2016, zaidi ya watu 70 walikufa kwa kunywa mafuta ya kuogea ambayo lebo yake ilitaja ethanoli huku ndani mna methanoli. Katika visa vyote viwili aliyekunywa hakuwa na namna ya kujua kwa kutazama chupa.

Hilo ndilo linalofanya "asili isiyojulikana" kuwa hatari kuliko "imetengenezwa nyumbani". Mpishi unayemjua, anayekunywa anachokipika, ana hatari zake: akitumia bomba au rejeta iliyounganishwa kwa risasi, madini hayo huingia katika pombe na kujilimbikiza mwilini mwa mnywaji kwa miezi. Lakini hatari ya kuua watu wengi kwa usiku mmoja huanza pale chombo kinapobadilishana mikono na hakuna anayeweza kutaja kila mkono uliokigusa.

Kwa nini usiku ulikuwa mtulivu

Methanoli yenyewe haiui haraka. Inaua kwa kile ambacho ini linaigeuza. Kimeng'enya kilekile kinachovunja ethanoli huichukua methanoli na kuifanya fomaldehaidi, kisha kimeng'enya kingine huigeuza mara moja kuwa asidi ya fomiki. Ni asidi ileile ambayo chungu wengine huitumia kuwasha wanapouma. Kwa kiasi kidogo mwili unaimaliza kwa msaada wa vitamini iitwayo foleti, lakini njia hiyo ni ya polepole kwa binadamu, na inapozidiwa asidi hujaa katika damu. Huko huziba uwezo wa seli kutumia oksijeni, na zinazoathirika mapema ni zile zenye njaa kubwa ya nishati: neva ya jicho, na baadhi ya sehemu za ndani za ubongo zinazoratibu mwendo.

Sasa, kimeng'enya kile cha kwanza kinaipenda ethanoli zaidi. Zikiwepo zote mbili, hushughulika na ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ikisubiri katika damu. Maadamu mtu bado ana kilevi cha kawaida mwilini, sumu haitengenezwi. Inangoja zamu yake.

Turudi kwa wanywaji wetu. C alipata ethanoli kidogo katika toti zake mbili, ikaisha karibu na usiku wa manane. Ini lake likaanza kazi ya methanoli akiwa usingizini, na kufika asubuhi karibu yote ilikuwa imegeuka asidi. Ndiyo maana aliumwa mapema ingawa alikunywa kidogo. A alikuwa na ethanoli ya kutosha kumlinda mpaka saa 8 au 9 za usiku, kisha ini lake likatengeneza asidi kwa saa saba au zaidi kabla hajaamka. B, kwa sababu ya bia zake nne, alikuwa bado na kilevi damuni mpaka karibu saa 4 asubuhi. Sumu yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Ucheleweshaji huu kwa kawaida huwa wa saa 12 hadi 24 tangu mtu anywe, na ukiambatana na kilevi kingi cha kawaida unaweza kuvuka siku nzima au zaidi. Ni muda wa kutosha kumfanya mtu asiunganishe ugonjwa na pombe. Pia unaeleza ile nafuu aliyopata A kwa toti ya kuzimua: ethanoli yake ndogo ilisimamisha kiwanda cha sumu kwa muda usiofika saa moja, huku ikiongeza malighafi ya kiwanda hichohicho.

Hangova au sumu

Hangova ya kawaida humkuta mtu anapoamka na hupungua kadiri siku inavyosonga. Kufika mchana mwenyewe anaomba chakula. Sumu ya methanoli hufuata njia ya kinyume: mtu anaweza kuamka afadhali, halafu akaharibikiwa saa baada ya saa. Mwelekeo huo pekee, wa kuzidi badala ya kupungua baada ya saa 12, unatosha kumpeleka mtu hospitali. Kichwa, kichefuchefu na maumivu ya tumbo havitofautishi lolote kwa sababu vipo pande zote mbili.

Viwili vinatofautisha. Cha kwanza ni macho: ukungu mweupe, chenga, mwanga kuumiza, vitu kupoteza rangi, au doa katikati ya kile unachotazama. Hangova inaweza kumfanya mtu achukie mwanga, lakini haimfunikii chumba kwa ukungu. Cha pili ni pumzi. Damu ikijaa asidi, mwili hujaribu kuitoa kwa kupumua kwa kasi na kwa kina bila mtu kuwa amefanya kazi. Ukimhesabia anayepumzika ukapata pumzi 30 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20 hivi, usingoje dalili ya tatu. Ya tatu ni degedege au kupoteza fahamu, na hapo muda umekwisha kutumika.

Tena kuna ishara isiyo ya mwili: watu wawili waliokunywa chombo kimoja kuumwa kwa pamoja. C na A walikuwa wanatosha kuleta shaka tangu saa 4 asubuhi. Waliwekwa vyumba viwili, kila mmoja na "hangova" yake, na saa tatu zikapotea.

Hospitalini

Damu ya A ilikuwa na pH 7.02, wakati ya mtu mzima haishuki chini ya 7.35. Bikabonati, kinga ya mwili dhidi ya asidi, ilikuwa 7 badala ya 22 au zaidi. Daktari alifanya hesabu inayofanywa popote penye maabara ya kawaida, ya kutafuta asidi isiyopimwa moja kwa moja, kwa kutoa kloridi, Cl, na bikabonati, HCO3, katika sodiamu, Na, ya damu:

```
Na − (Cl + HCO3) = 140 − (102 + 7) = 31
```

Kawaida jibu huwa karibu 8 hadi 12. Pengo la 31 linasema kuna asidi ngeni katika damu, na kwa mtu mwenye ukungu machoni baada ya kunywa pombe asiyoijua, hapana haja ya kungoja kipimo cha methanoli chenyewe. Hospitali nyingi hazina kipimo hicho, na kukisubiri kutoka maabara ya mbali kumewagharimu watu macho. Matibabu yalianza kwa shaka, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Kuna kipimo kingine cha damu, osmolali, ambacho hupanda methanoli ikiwa bado nzima. Hapa pana mtego. Kwa A kilikuwa kimepanda kidogo tu, kwa sababu methanoli yake nyingi ilikwisha kugeuka asidi. Kwa B hali ilikuwa kinyume: asidi kidogo, osmolali juu. Daktari anayetazama kimoja tu anaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa wa kwanza au wa pili, kutegemea amefika saa ngapi.

Tiba ina kazi tatu. Ya kwanza ni kusimamisha utengenezaji wa sumu kwa kukifunga kile kimeng'enya. Dawa ya kisasa ni fomepizoli, dozi ya kwanza ikiwa miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 1,050 kwa A. Pasipokuwepo fomepizoli, madaktari hutumia ethanoli safi ya hospitali kwa kipimo maalumu, wakiangalia damu mara kwa mara. Ya pili ni kupunguza asidi kwa bikabonati, na kuusaidia mwili kuivunja kwa asidi ya foliniki. Ya tatu ni kusafisha damu kwa mashine, ambayo hutoa methanoli na asidi yake kwa pamoja.

Mtu akisikia kwamba ethanoli ni dawa anaweza kushawishika kumtibu mgonjwa nyumbani kwa pombe. Kasoro ni mbili. Pombe iliyopo nyumbani mara nyingi ndiyo ileile yenye sumu, kama ilivyokuwa kwa A. Na hata ikiwa safi, husimamisha tu kiwanda, haiondoi asidi iliyokwisha kutengenezwa, na inaweza kumlewesha mgonjwa anayehema kwa shida mpaka akapaliwa na matapishi yake. Uamuzi huo ni wa daktari.

Matokeo yalifuata saa za kuwahi kuliko idadi ya toti. B, aliyekuwa na methanoli nyingi damuni kuliko C, alipewa fomepizoli kabla asidi haijajaa na akasafishwa damu. Aliondoka na macho yake mazima. C alipofika methanoli yake ilikuwa karibu kuisha, kwa hiyo hapakuwa na kiwanda cha kusimamisha. Alisafishwa asidi, na kuona kwake kulirudi kwa sehemu, likabaki doa katikati ya jicho moja linalomsumbua anaposoma. A aliishi, lakini neva za macho yake hazikupona na anabagua mwanga na giza tu. D, mwenye mililita 5 za methanoli, alikuwa chini ya kiwango ambacho kwa kawaida huanzishiwa tiba, miligramu 20 kwa desilita ya damu. Alipimwa kwa kurudiarudia mpaka siku ya pili akaruhusiwa.

Vipimo vya mtaani vilivyowadanganya

Ilibainika baadaye kwamba mtu wa kati alikuwa "ameipima" pombe mbele ya mnunuzi. Aliiwasha kijiko kimoja ikatoa moto wa bluu, akasema moto wa bluu ni usalama. Ethanoli huwaka bluu. Methanoli nayo huwaka bluu hafifu ambayo mchana hata haionekani vizuri. Zikichanganyika hakuna jicho linaloweza kuzitenga, na wanaoamini kwamba methanoli hutoa mwali mwekundu au wa njano wanaamini jambo ambalo moto wenyewe hauliungi mkono.

Kisha akatikisa chupa kuonyesha povu. Povu na ukubwa wa viputo vinaweza kudokeza nguvu ya kilevi, si aina yake. Haidromita ingedanganya vilevile: kifaa hicho hupima uzito wa kimiminika dhidi ya maji, na ethanoli na methanoli zina uzito unaokaribiana mno, karibu gramu 0.79 kwa mililita kila moja. Kingesoma "asilimia 35" kwa uhakika wote, na kingekuwa kimejumlisha sumu na kilevi katika namba moja.

Harufu ina nusu ya thamani. Pombe inayonuka rangi, vanishi au petroli imwagwe bila mjadala. Isiyonuka haijathibitisha kitu, kwa kuwa methanoli safi ina harufu laini ya kilevi tu. Kuchuja kwa mkaa, kitambaa au mkate hakuiondoi, maana imeyeyuka kabisa katika maji. Kuichemsha nyumbani ni kosa juu ya kosa, kwani mvuke wake unawaka.

Dalili zenye maana zilikuwepo kabla ya kuonja, nazo hazikuhitaji kifaa. Muuzaji hakumjua mtengenezaji kwa jina wala mahali. Dumu lilikuwa na alama ya gundi mahali ambapo lebo ilibanduliwa, na mfuniko wake haukuwa wa asili. Bei ilikuwa imeshuka ghafla kuliko ya wiki iliyotangulia, jambo ambalo kwa bidhaa ya kupika kwa kuni na muda huwa na maelezo, na muuzaji hakuwa nayo. Yeye mwenyewe alikataa kuonja. Kwa chupa zenye lebo, tazama kizibo kilichofunguliwa, lebo iliyopinda au yenye makosa ya herufi, na chupa mbili za aina moja zenye ujazo usiolingana.

Mgonjwa akiwa bado nyumbani

Kama shaka imeingia, anapelekwa hospitali akiwa bado anatembea. Asitapishwe kwa vidole, kwa sababu methanoli hunyonywa haraka kutoka tumboni na saa chache baadaye hakuna cha kutoa. Mkaa wa dawa hauishiki. Maziwa, kahawa na maji ya limao havigusi asidi iliyomo katika damu. Akipoteza fahamu alazwe ubavu ili matapishi yatoke nje, na mtu akae naye akihesabu pumzi.

Hospitalini sema mambo manne bila kuona haya: alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama alikunywa pia bia au kilevi kingine. Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalomwambia daktari kama ugonjwa umefika kileleni au bado uko njiani. Polisi au lawama za pombe haramu visikufanye ubadilishe maelezo. Nenda na chombo chenyewe, kimefungwa, hata kama kimebaki tone.

Katika kisa hiki dumu lilikuwa limebaki na lita 4 na zaidi. Mnunuzi alitaka kulimwaga kwa hasira, akazuiwa. Kwa kilichobaki maabara ilipata uwiano wa mchanganyiko, na kwa alama ya gundi wachunguzi walijua pipa lililotoa kemikali lilikuwa la aina gani. Muuzaji alipobanwa alitaja madumu mengine mawili ya shehena hiyo. Moja lilikutwa halijafunguliwa. La pili lilikuwa limefunguliwa usiku uleule, na waliokunywa walikuwa bado wamelala, wakidhaniwa na jamaa zao kwamba wana hangova.